Nusu Saa Iliyokatwa Mara Mbili: Kukagua Zamu Inayovuka Saa Sita Usiku

Zamu yangu ilikuwa ikianza saa mbili usiku na kuisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yaani 20:00 hadi 06:30 kama mashine ya mahudhurio inavyoandika. Hizo ni saa 10 na dakika 30 za kuwepo kazini, na kwa kuwa mapumziko ya kula ya dakika 30 hayakuwa na malipo, kila usiku ulistahili kuingia katika karatasi ya saa za kazi kama saa 10 kamili. Kilichonizindua si hesabu yangu mwenyewe, bali karatasi ya mwenzangu. Tulikuwa tukiingia pamoja na kutoka pamoja, ila mapumziko tuliyachukua kwa kupokezana: mimi nilikwenda saa sita kasorobo nikarudi saa sita na robo, naye akaenda saa saba akarudi saa saba na nusu. Kwa usiku huohuo mmoja, yeye aliandikiwa 10:00 nami nikaandikiwa 9:30.

“Kaka, jana ulipumzika saa nzima?” akaniuliza, kidole chake kikiwa juu ya mstari wangu. Sikuwa nimepumzika saa nzima. Tulirudi nyuma kurasa mbili na kukuta jambo lilelile: kila usiku ambao mapumziko yangu yalianza kabla ya saa sita na kuisha baada yake, nilikuwa na 9:30, na kila usiku ambao nilichelewa kwenda, mapumziko yakaanza baada ya saa sita, nilikuwa na 10:00. Muda wa kazi ulikuwa uleule, na muda wa mapumziko ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni mahali yalipoangukia mapumziko hayo tu.

Napenda kueleza kwa utulivu jinsi hilo linavyotokea, kwa sababu anayelalamika bila kujua chanzo chake huambiwa kwamba mashine haikosei, na kwa kweli mashine ile haikukosea kujumlisha. Ilifuata kanuni iliyopewa, ila ikaitumia juu ya kitu kisicho sahihi.

Tuanze na hesabu ya mkono, ambayo ndiyo msingi wa ukaguzi wote. Zamu inayovuka saa sita usiku haipatikani kwa kutoa saa ya kuingia katika saa ya kutoka, kwa sababu 06:30 ikitolewa 20:00 inabaki hasi ya saa 13 na nusu, jibu lisilo na maana yoyote. Njia nyepesi ni kuhesabu kwanza kutoka kuingia hadi saa sita usiku, kisha kutoka saa sita usiku hadi kutoka, na kuziunganisha sehemu hizo mbili: kutoka 20:00 hadi 24:00 ni saa 4, kutoka 00:00 hadi 06:30 ni saa 6 na nusu, na jumla ni saa 10 na nusu. Mapumziko nayo huhesabiwa hivyohivyo. Kutoka 23:45 hadi saa sita ni dakika 15, kutoka saa sita hadi 00:15 ni dakika 15 nyingine, na jumla ni dakika 30. Baada ya kuipata zamu nzima na mapumziko yote, ndipo unakata, nawe unakata mara moja tu: 10:30 ukiondoa 0:30 ni 10:00.

Mpangilio huo wa kuunganisha kwanza na kukata baadaye ndio ambao karatasi yangu haikuufuata. Mfumo uliokuwa ukitumika uliigawa kila zamu inapofika saa sita usiku na kuandika mistari miwili, mmoja chini ya tarehe ya kuingia na mwingine chini ya tarehe ya kutoka. Kugawa huko si kosa lenyewe. Kuna sababu za haki za kutaka kujua ni saa ngapi zilifanywa Alhamisi na ngapi zilifanywa Ijumaa, kwa mfano ikiwa siku mojawapo ni sikukuu yenye malipo ya juu zaidi. Kosa ni kuipeleka kanuni ya mapumziko katika kila kipande, kana kwamba kila kipande ni zamu inayojitegemea.

Kanuni yenyewe ilikuwa hii: anayefanya kazi zaidi ya saa 6 hukatwa angalau dakika 30, akiwa ameandika mapumziko yanayofika dakika 30, hukatwa hayo aliyoandika, na akiwa ameandika pungufu, dakika 30 kamili huongezwa juu yake. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Ungetarajia kwamba aliyeandika dakika 15 ataongezewa 15 ili zitimie 30, lakini mfumo uliona tu kwamba sharti la dakika 30 halikutimia, ukaweka makato yake kamili bila kuangalia kwamba dakika nyingine zilikwisha kukatwa.

Sasa ipitishe kanuni hiyo katika usiku wangu. Kipande cha Alhamisi, 20:00 hadi 24:00, kina saa 4 na ndani yake kuna dakika 15 za mapumziko. Hakifiki saa 6, kwa hiyo kilikatwa zile 15 tu na kubaki 3:45. Kipande cha Ijumaa, 00:00 hadi 06:30, kina saa 6 na nusu na ndani yake kuna dakika 15 zilizobaki. Kimezidi saa 6, na mapumziko yaliyoandikwa ndani yake hayafiki 30, basi kilikatwa 15 hizo na 30 nyingine juu yake, kikabaki 5:45. Jumlisha 3:45 na 5:45 upate 9:30. Dakika zilizokatwa ni 60, ingawa nilizopumzika ni 30.

Kwa mwenzangu mambo yalikwenda tofauti. Kipande chake cha Alhamisi hakikuwa na mapumziko, kikabaki saa 4. Kipande cha Ijumaa kilikuwa na mapumziko ya 01:00 hadi 01:30, dakika 30 kamili, sharti likatimia na hakuna kilichoongezwa; kikabaki saa 6. Jumla ni 10:00, nayo ni sahihi. Ndiyo maana nasema hakuna ukaguzi wa haraka kuliko kuweka karatasi mbili kando kwa kando, za watu waliofanya zamu moja na kupumzika nyakati tofauti. Zikitofautiana ilhali muda wa kazi na wa mapumziko ni sawa, usitafute kosa katika saa za kuingia; tazama makato ya mapumziko.

Kanuni hiyohiyo inaweza pia kumlipa mtu zaidi ya haki yake, na mkaguzi mwaminifu analitaja hilo nalo. Chukua aliyeingia 18:00 akatoka 06:00, akapumzika lakini hakuandika mapumziko yake kwa kuwa anajua yatakatwa yenyewe. Zamu yake ni saa 12, lakini ikigawanywa saa sita usiku inakuwa vipande viwili vya saa 6 kila kimoja. Hakuna kilichozidi saa 6, kwa hiyo hakuna kinachokatwa, naye anaandikiwa 12:00 badala ya 11:30. Anaweza kufurahi mwezi huo, ila kosa likigunduliwa baadaye hudaiwa zote kwa mkupuo, na kurudisha saa za miezi mitatu ni kugumu kuliko kutozipokea.

Kizingiti hicho cha saa 6 kinapatikana katika kanuni nyingi za kazi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2003 kuhusu saa za kazi, kwa mfano, unampa mfanyakazi haki ya mapumziko pale siku yake ya kazi inapozidi saa 6. Tazama maneno hayo kwa makini: ni siku ya kazi, si tarehe ya kalenda. Anayeingia Alhamisi usiku na kutoka Ijumaa asubuhi bila kwenda nyumbani amefanya kazi moja mfululizo, na huo mfululizo ndio unaopimwa. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa na wote tunaelewa kuwa ni usiku mmoja, wenye mwanzo mmoja na mwisho mmoja, ingawa tarehe imebadilika katikati yake.

Baada ya hapo nilitaka kukagua kurasa zote za nyuma, na kwa mkono ingenichukua jioni nyingi. Nilitumia lahajedwali, Excel, nikaweka saa ya kuingia katika safu ya B, ya kutoka katika C, mwanzo wa mapumziko katika D na mwisho wake katika E. Lahajedwali huhifadhi saa kama sehemu ya siku: saa 24 ni 1, adhuhuri ni 0.5, 06:00 ni 0.25. Ukitoa moja kwa moja kwa zamu ya usiku unapata namba hasi, na Excel badala ya kukuonyesha saa hukujazia seli alama za `#####`. Wengi wakiziona hupanua safu wakidhani ni nyembamba. Ukipanua na alama zikabaki, jua saa imetoka hasi. Dawa yake ni kitendakazi kinachorudisha namba hasi ndani ya siku moja:

```
=MOD(C2-B2,1)-MOD(E2-D2,1)
```

Sehemu ya kwanza inatoa urefu wa zamu, ya pili urefu wa mapumziko, na kila moja inavuka saa sita usiku bila shida. Kwa usiku wangu inatoa 10:00. Ukitaka jibu katika desimali ili ulizidishe na malipo ya saa, funga yote katika mabano, uzidishe kwa 24 na ubadilishe umbo la seli liwe la namba, na hapo 9:30 itasomeka 9.5. Nimewahi kuona mtu akiandika 9.30 kwa mkono katika hesabu ya malipo, akijipunja dakika 12 kila zamu bila kujua, kwa sababu 9.30 ni saa 9 na dakika 18.

Kuna jambo jingine la umbo la seli linalotisha bure. Ukijumlisha zamu tano za saa 10, seli yenye umbo la kawaida la saa itakuonyesha 2:00, kwa kuwa ikifika saa 24 huanza upya, nayo imeshazunguka mara mbili. Hesabu iliyo ndani ni 50 na haijapotea. Badilisha umbo la seli liwe `[h]:mm` na utaziona zote.

Hata hivyo, nisingependa mtu aiamini fomula hiyo kupita kiasi, kwa sababu udhaifu wake mkubwa ni kwamba haikatai kitu. Ukibadilisha kwa bahati mbaya saa ya kuingia na ya kutoka, ukaandika kuingia 06:30 na kutoka 20:00, sehemu yake ya kwanza itakupa saa 13 na nusu bila kulalamika. Mtu aliyefanya zamu ya saa 24 kamili, sehemu hiyo itampa sifuri. Mwenye karatasi inayoandika tarehe pamoja na saa katika kila seli hahitaji fomula hii kabisa. Anatoa tu saa ya kuingia katika saa ya kutoka, na jibu hasi kwake huwa onyo la kweli kwamba kitu kimeandikwa vibaya. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua karatasi ya aina hiyo.

Kwa wale ambao hatuna nafasi hiyo, niliongeza safu moja ya kuhakiki kwamba mapumziko yamo ndani ya zamu. Huwezi kulinganisha 00:15 na 20:00 moja kwa moja, kwani 00:15 itaonekana imetangulia kuingia kazini. Kinachofaa ni kupima kila kitu kuanzia mwanzo wa zamu: mapumziko yangu yalianza saa 3 na dakika 45 baada ya kuingia, yakaisha saa 4 na dakika 15 baada ya kuingia, na zamu iliisha saa 10 na dakika 30 baada ya kuingia. Namba hizo tatu zikiwa zinapanda, mapumziko yako mahali pake.

```
=AND(MOD(D2-B2,1)<=MOD(E2-B2,1),MOD(E2-B2,1)<=MOD(C2-B2,1))
```

Jibu likiwa `FALSE`, kuna saa iliyokosewa katika mstari huo. Ukiandika 11:45 badala ya 23:45, kwa mfano, mwanzo wa mapumziko utaonekana uko saa 15 na dakika 45 baada ya kuingia, wakati zamu yenyewe ilikwisha saa nyingi zilizopita.

Lakini kuna kosa ambalo safu hiyo haiwezi kulikamata, nalo linatuhusu zaidi sisi tunaoandika saa za Kiswahili. Msimamizi wetu alikuwa na daftari la mkono, na humo aliandika kama tunavyosema: kuingia 2:00 usiku, kutoka 12:30 asubuhi. Ikatokea siku ambayo mashine haikusoma kadi yangu, karani akachukua saa kutoka daftarini na kuziingiza kama zilivyo, 02:00 hadi 12:30. Toa uone: ni saa 10 na nusu, sawasawa na zamu halisi. Saa zote mbili zimesogea kwa saa 6, kwa hiyo tofauti yake haibadiliki na jumla haionyeshi dosari yoyote. Kinachopotea ni mahali pa zamu. Kwa mujibu wa karatasi nilianza kazi alfajiri na kutoka mchana, zamu haikuvuka saa sita usiku hata kidogo, na kwa aliye na posho ya usiku, saa zake nyingi za usiku zimehamia mchana. Jumla sahihi si ushahidi kwamba mstari ni sahihi. Soma pia saa zenyewe.

Hatari zaidi ni pale saa moja inapogeuzwa na nyingine ikaachwa. Kuingia 20:00 na kutoka 12:30 ni saa 16 na nusu. Kuingia 02:00 na kutoka 06:30 ni saa 4 na nusu. Kutokana na hayo nimezoea kuutazama ukubwa wa kosa kabla ya kutafuta chanzo chake. Likizidi au kupungua kwa saa 6 kamili, mtu amechanganya saa za Kiswahili na za mashine. Likiwa la saa 12, asubuhi na jioni zimebadilishana. Zamu iliyoandikwa na zamu halisi zikijumlishwa zikafika saa 24, kuingia na kutoka kumegeuzwa. Na likiwa la dakika 30, kama langu, mapumziko yamekatwa mara mbili au hayakukatwa kabisa.

Katika nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kufuata majira, kuna usiku mmoja kwa mwaka ambao zamu kama yangu huwa pungufu kwa saa moja na mwingine ambao huzidi kwa saa moja, na hakuna fomula kati ya hizi inayolijua hilo. Usiku huo hesabu kwa mkono.

Nilipokwenda kwa karani wa mishahara sikumpelekea malalamiko, nilimpelekea mistari miwili: mmoja wangu na mmoja wa mwenzangu, wa usiku mmoja, na chini yake hesabu ya vipande kama nilivyoieleza hapo juu. Alikuwa mtu mzima, mwenye subira, na mwanzoni aliniambia kwamba mapumziko hukatwa na mfumo, si yeye. Nikamwomba, “Mzee, naomba uhesabu dakika zilizokatwa katika mstari wangu, usihesabu zilizolipwa.” Alichukua kikokotoo, akaandika 15, akaandika 45, akanyamaza. Kisha akavuta kiti karibu na kuniuliza ni zamu ngapi.

Jibu nilikuwa nalo. Katika mwezi ule nilikuwa na zamu 18 zilizoanza na kuisha ndani ya mwezi. Zamu 7 zilikuwa na 10:00 na zamu 11 zilikuwa na 9:30, jumla 174:30, wakati jumla sahihi ni 180:00. Pungufu ni 5:30, nayo inalingana kabisa na nusu saa mara 11. Kulingana huko ni muhimu, kwa sababu kunathibitisha kwamba hakuna kosa la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza. Kama pungufu ingekuwa 5:45, ningerudi mezani kuzitafuta zile 15 kabla ya kwenda kwa mtu yeyote.

Zamu ya 19 sikuiweka katika dai hilo. Ilianza usiku wa tarehe ya mwisho wa mwezi, na karatasi ya mwezi ule ilikuwa na kipande chake cha kwanza tu, 3:45. Kipande hicho peke yake hakina kosa: saa 4, dakika 15 za mapumziko, zimekatwa 15. Kosa lingeonekana katika kipande cha pili, ambacho kingetoka katika karatasi ya mwezi unaofuata, na anayekagua mwezi mmoja mmoja bila kuunganisha mwisho wa huu na mwanzo wa ule halioni milele. Karani alirekebisha zile 11 siku ileile. Karatasi mpya ilipotoka, mstari wake wa kwanza ulikuwa 00:00 hadi 06:30, na mbele yake 5:45. Niliuandika chini ya ule wa 3:45, nikajumlisha 9:30, nikampelekea usiku wa 12.